Deepdene: almasi ya karati 104 iliyorudishwa kwa sababu ya mstari mmoja

Mei 1971, jijini Geneva, mnada wa Christie's uliuza almasi ya njano iliyokolea, iliyokatwa kwa umbo la mto wa kulalia, uzito wake karati 104.52. Kwa asiyezoea karati, hiyo ni karibu gramu 21, jiwe ambalo ukilishika unalisikia kiganjani. Jina lake lilikuwa Deepdene. Ilinunuliwa na nyumba ya vito ya Van Cleef & Arpels kwa takriban pauni 190,000, na ilikuja na karatasi mbili za kitaalamu kutoka Ujerumani, moja ya chuo kikuu cha Mainz na nyingine ya maabara ya Idar-Oberstein. Zote mbili zilisema rangi ile ni ya asili.

Haikuwa ya asili. Eduard Gübelin wa Luzern, mmoja wa wapimaji wakubwa wa vito wa karne iliyopita, aliitilia shaka rangi ile. Jiwe likapelekwa London kwa Basil Anderson, aliyekuwa akiongoza maabara ya vito ya huko tangu mwaka 1925, na jibu lake likawa kwamba almasi imepigwa mionzi kisha ikachomwa. Mauzo yakavunjwa na mnunuzi akarudishiwa fedha zake.

Kisa hiki kina zaidi ya miaka hamsini, lakini mimi hukirudia kila mtu anaponionyesha almasi ya rangi na kuniambia, "Hii ina cheti." Deepdene ilikuwa na vyeti viwili. Ilikuwa na jina. Ilikuwa hata na historia ya makumbusho, na hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu historia hiyo ndiyo iliyowalaza watu.

Jiwe lilipata jina lake kutokana na shamba la familia ya Bok, familia maarufu ya Philadelphia. Kwa miaka mingi lilionyeshwa katika jumba la makumbusho la sayansi asilia la mji huo, na mwaka 1954 likanunuliwa na Harry Winston, sonara wa New York aliyepitisha mikononi mwake almasi nyingi zenye majina. Yeye naye akaliuza mwaka uliofuata. Wakati huo liliandikwa kuwa na karati 104.88. Lilipojitokeza tena mwaka 1971 lilikuwa karati 104.52.

Tofauti ni karati 0.36, yaani gramu 0.07. Ni vumbi tu la gurudumu la kusugulia, na wengi wangelipuuza. Lakini mtu anayejua jinsi almasi inavyochomwa angeuliza swali hapo hapo. Almasi ni kaboni. Ukiipasha moto mkali mahali penye hewa, uso wake huungua na kufifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na dawa yake ni kuirudisha kwenye gurudumu ing'arishwe upya. Ikirudi kwenye gurudumu, hupungua kidogo. Upungufu wa namna hiyo hauthibitishi kitu, kwa sababu mikwaruzo ya kawaida nayo hung'arishwa. Ila unaonyesha kwamba kati ya karatasi ya zamani na karatasi mpya kuna mkono wa mtu uliopita juu ya jiwe, na kwamba yaliyoandikwa kabla ya mkono huo hayawezi tena kulitetea.

Sasa tuingie ndani ya jiwe lenyewe.

Almasi nyingi za njano zina nitrojeni kidogo iliyonasa kati ya atomu za kaboni. Nitrojeni hiyo, ikiwa imekaa makundi makundi kwa mamilioni ya miaka chini ya ardhi, hunyonya mwanga wa zambarau na buluu kidogo, na macho yetu yanapata njano hafifu. Wafanyabiashara hawaipendi sana, kwani hailipi kama nyeupe wala kama njano ya dhahabu. Hiyo ndiyo almasi inayofaa sana kupigwa mionzi.

Mionzi hufanya kazi ya fujo. Chembe zenye nguvu, siku hizi mara nyingi elektroni kutoka kwenye mashine ya kuziongezea kasi, hugonga atomu za kaboni na kuzitoa mahali pake. Panabaki mashimo matupu kwenye safu za atomu. Mashimo hayo hunyonya mwanga mwekundu, na jiwe hutoka likiwa la kijani au la buluu-kijani. Likiachwa hapo, litauzwa kama almasi ya kijani. Likipashwa moto wa nyuzi 800 hivi za Selsiasi, mashimo hutembea ndani ya jiwe hadi yakutane na makundi ya nitrojeni na kutulia hapo. Shimo likiungana na nitrojeni, kinachonyonywa ni mwanga wa buluu badala ya mwekundu. Ukijani hufifia, na njano iliyokolea au ya machungwa huchukua nafasi yake. Jiwe lililoingia na njano hafifu limetoka na njano ya kuvutia.

Ugumu wa kulikamata ni kwamba dunia yenyewe hufanya kazi ile ile. Miamba ina urani, urani inatoa mionzi, na ardhi ina joto. Muungano wa shimo na nitrojeni unaoleta njano unapatikana pia katika almasi ambazo hakuna binadamu aliyezigusa isipokuwa kuzichimba. Kwa hiyo kusema "nimeona rangi hii imetokana na mashimo na nitrojeni" hakutoshi. Mpimaji anatafuta kitu ambacho binadamu hukiacha kwa haraka yake na ambacho dunia, kwa polepole yake, haikiachi au hukiacha kwa nadra mno.

Mwaka 1956 Robert Crowningshield, wa maabara ya GIA, taasisi ya vito ya Marekani, jijini New York, alikipata. Alikuwa akitumia spektroskopu ya mkono, bomba fupi lenye vipande vya kioo ndani. Unaangaza taa nyuma ya jiwe, unachungulia, unaona upinde wa mvua umelala kama utepe, na mahali ambapo jiwe limenyonya mwanga panaonekana mistari myeusi. Katika almasi za njano zilizopigwa mionzi na kuchomwa, kulikuwa na mstari mwembamba sana ndani ya njano-machungwa ya utepe, mahali ambapo leo tunapaandika kuwa nanomita 595. Katika njano za asili haukuwepo. Mistari ya kwenye zambarau na buluu inayotokana na nitrojeni ilikuwepo kotekote. Huu mmoja ndio uliotofautisha.

Ningependa msomaji aelewe jinsi mstari huo ulivyo mgumu kuuona. Ni uzi. Jiwe likiwa na joto la chumbani, na hasa likiwa kubwa na taa ikiwa kali, unaweza kulitazama nusu saa usione kitu. Ukilipoza sana mistari hukaza na kuwa myeusi zaidi, na ndiyo maana maabara leo hupima almasi zikiwa ndani ya nitrojeni ya maji, kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Mwaka 1971 kulikuwa na wapimaji hodari waliozoea kuutafuta mstari huu na wengine wasiouzoea kiasi hicho, na karatasi zote mbili za Ujerumani zilisema "asili" bila kumlazimu msomaji kujua zilitafuta nini. Kwangu mimi hilo ndilo kosa la karatasi zile. Jibu la "sikuona" na jibu la "hakuna" yaliandikwa kwa maneno yale yale.

Laiti hadithi ingeishia kwenye mstari wa 595 kazi ingekuwa rahisi. Waliokuwa wakitibu mawe nao walisoma yale yaliyochapishwa. Ikawa wazi kwamba ukiipasha almasi joto la zaidi ya nyuzi 1,000, mstari wa 595 hupotea huku njano nzuri ikibaki. Kwa miaka kadhaa jiwe lililopashwa hivyo lingeweza kupita mbele ya spektroskopu ya mkono likiwa safi kabisa. Jibu lilitoka chuo cha King's College London, ambako Alan Collins na wenzake walionyesha kwamba 595 ikifa, huacha warithi: mistari miwili katika mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, inayoitwa H1b na H1c. Ukiichoma zaidi ili uue 595, ndivyo hiyo miwili inavyojitokeza. Joto linalotosha kuifuta nayo huanza kuibomoa rangi uliyokuwa unaitafuta. Kuanzia miaka ya 1980 maabara yoyote inayojiheshimu haitoi jibu la almasi ya njano bila kuipitisha kwenye mashine ya infraredi.

Kwa hiyo Deepdene ingeletwa mezani leo, kazi ingeenda hivi. Kwanza jiwe linatolewa kwenye pambo lake, maana chuma huzuia kingo na huficha mwanga. Linatazamwa kwa hadubini likiwa limezamishwa ndani ya kimiminika ili miale isirukeruke kwenye nyuso zake, na mpimaji anatafuta rangi imekaa wapi. Almasi zilizopigwa zamani kwa saiklotroni, mashine ya kuzungusha chembe kwa kasi, zilipata rangi karibu na ngozi tu. Ukitazama kutoka juu unaona kivuli kama mwavuli uliofunguka kuzunguka ncha ya chini, au mduara kwenye kiuno, yaani ukingo mpana wa jiwe, kutegemea zilipigwa kutoka upande gani. Rangi ya asili haifuati sura ambayo mkataji aliichonga jana. Inafuata jinsi jiwe lilivyokua. Kisha infraredi, kwa ajili ya kujua nitrojeni imekaaje na kama H1b na H1c zipo. Kisha spektroskopu ya mashine jiwe likiwa limepozwa, kwa ajili ya 595. Mwisho leza, ambayo hulifanya jiwe litoe mwanga wake lenyewe na kufichua kasoro ndogo kiasi kwamba hata infraredi haizioni.

Hatua hiyo ya leza isingekuwa na umuhimu mkubwa mwaka 1971. Leo ni lazima, kwa sababu ya njia ya pili ya kubadili rangi, ile ya shinikizo kubwa na joto kubwa, ambayo kwenye vyeti huandikwa HPHT. Machi 1999 kampuni ya Lazare Kaplan ilitangaza kwamba itauza almasi zilizotibiwa na General Electric kwa njia hiyo, na mawe hayo yakawekewa maandishi GE POL kwenye kiuno. Yale yalikuwa mawe ya kahawia yaliyogeuzwa kuwa meupe, lakini muda mfupi baadaye mashinikizo yale yale yakawa yanatoa njano, njano-kijani, na hata pinki na buluu, kulingana na jiwe lililoingizwa.

Wazo lake ni tofauti na mionzi. Hapa hakuna kinachopigwa. Jiwe linawekwa ndani ya shinikizo la kama angahewa 50,000 au 60,000 na kupashwa nyuzi 2,000 na kitu. Shinikizo lipo kwa kazi moja: kuzuia almasi isigeuke grafiti, kitu kile kile kilicho ndani ya penseli. Ukahawia wa almasi hutokana na safu za atomu zilizopinda chini ya ardhi, na joto hilo huzinyoosha. Jiwe lenye nitrojeni ya kutosha likinyooshwa hivyo, mashimo yanayofunguka huungana na nitrojeni, na linatoka na njano-kijani inayowaka.

Mpimaji huona nini? Wakati mwingine ni rahisi: nyuso zimeliwa na moto, nyufa ndogo zina weusi wa grafiti ndani yake, na kijiwe kidogo kilichonaswa ndani ya almasi kimezungukwa na ufa mpya wa duara kwa sababu kimepanuka kuliko almasi iliyokishika. Mkataji mzuri huondoa mengi ya hayo. Kinachobaki ni ndani ya mwanga. Katika njano-kijani za shinikizo, mstari mmoja wa infraredi ya karibu, kwenye nanomita 986, huwa na nguvu isiyo ya kawaida. Almasi za asili huwa nao mara chache, na ukiwepo huwa hafifu. Tena leza huonyesha kwamba kasoro fulani ndogo ambazo almasi isiyochomwa huwa nazo zimetoweka zote. Hapo ushahidi ni kile kilichokosekana, na ushahidi wa namna hiyo unahitaji mpimaji aliyewahi kupima mawe mengi ya asili ili ajue kinachokosekana ni nini. Kuna pia mawe yanayopita njia zote mbili: shinikizo kwanza, mionzi baadaye, kisha moto wa wastani, na yanatoka mekundu au pinki. Hayo kwa kweli ni rahisi zaidi kuyatambua, maana yamebeba alama za kila kituo alichopita fundi, na mstari wa 595 humo ndani mara nyingi uko wazi.

Jiwe gumu kuliko yote ni la kijani. Kule, mionzi ya asili na mionzi ya mashine huacha shimo lile lile na mstari ule ule, na maabara kubwa kabisa duniani wakati mwingine huandika kwamba asili ya rangi haikuweza kuamuliwa. Mimi naliheshimu neno hilo kuliko cheti chochote cha maringo. Almasi ya kijani ya Dresden, karibu karati 41, inajulikana kuwa ya asili kwa sababu imo ndani ya hazina ya Saksonia tangu karne ya 18, kabla hata mtu yeyote hajajua mionzi ni nini. Ilipopimwa mwaka 1988, ilitoa kipimo cha kulinganishia mawe mengine. Historia yake ina uzito kwa sababu haina pengo. Ya Deepdene ilikuwa na pengo la miaka kumi na kitu, na jina likatumika kulifukia.

Kwa nini watu wahangaike? Bei. Mwaka 2022 jiwe la pinki la karati 11.15, lililotoka mgodi wetu wa Mwadui, Shinyanga, liliuzwa Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 57. Pinki iliyotibiwa ya uzito ule isingekaribia hata kivuli cha fedha hizo, na bado mezani, chini ya taa, wateja wengi wasingeyatofautisha.

Hapa Afrika Mashariki kuna hoja ninayoisikia sana kwa madalali: tanzanite nayo huchomwa, mbona hakuna anayelalamika? Ni kweli, karibu tanzanite yote ya buluu sokoni imepita motoni. Lakini hiyo inajulikana na kila mnunuzi mzito, bei imeshawekwa juu ya msingi huo, na isiyochomwa si kitu kingine kwenye mizani ya soko. Kwa almasi ya rangi, neno "asili" ndilo linalouzwa. Ukilinyamazia, umeuza kitu usichokuwa nacho.

Na kusema ukweli si kuandika neno "imeboreshwa" chini kwa herufi ndogo. Maneno kama "imeboreshwa", "imefanyiwa usindikaji" au "rangi imeimarishwa" yanaweza kumaanisha chochote, na kwa hiyo hayamwambii mnunuzi kitu. Kanuni za tume ya biashara ya Marekani, FTC, zinamtaka muuzaji atamke matibabu ikiwa si ya kudumu, ikiwa jiwe linahitaji uangalizi wa pekee, au ikiwa yanapunguza thamani kwa kiasi kikubwa. Almasi iliyopigwa mionzi inaingia angalau kwenye sharti la tatu, na ya kijani kwenye la pili pia. Maabara ya GIA huchonga kwa leza kwenye kiuno cha jiwe maneno IRRADIATED au HPHT PROCESSED. Ni jambo zuri, ila maandishi hayo hung'arishwa yakafutika kwa dakika chache, na kiuno kikifunikwa na dhahabu hayasomeki. Karatasi na mdomo wa muuzaji bado ndivyo vinavyobeba mzigo.

Kama ningepewa kuandika mistari ya Deepdene kwenye katalogi ile, ningeandika hivi:

"Almasi ya asili, rangi iliyotengenezwa. Njano iliyokolea imetokana na kupigwa mionzi na kuchomwa; kabla ya hapo rangi yake ilikuwa nyingine. Karati 104.52. Jina na historia ya jiwe hadi mwaka 1955 ni za kabla ya rangi hii. Imepimwa likiwa nje ya pambo lake, kwa spektroskopu, na maabara iliyotajwa hapa, tarehe iliyotajwa hapa; mstari wa 595 umeonekana."

Maneno "almasi" na "iliyotengenezwa" yanakaa sentensi moja, kwa herufi za ukubwa mmoja. Nimetenganisha jiwe na rangi, kwa sababu jiwe ni la kweli na anayelinunua anastahili kulijua hilo pia. Si kioo, si la maabara. Na nimeandika kilichotazamwa, ili mpimaji wa miaka ishirini ijayo, mwenye mashine nzuri zaidi, ajue aanzie wapi.

Kwa almasi ya kijani au buluu iliyopigwa mionzi ningeongeza sentensi moja zaidi, na hii ningeitaka kwenye risiti, si kwenye cheti kilichofungiwa kabatini: "Usiguse kwa moto." Mashimo yaliyoleta ukijani huanza kutembea yakifika nyuzi 600 hivi, na tochi ya sonara inayochomelea pete hupita hapo bila shida. Nimeona pete ikirudi kwa mwenyewe baada ya kupunguzwa kipimo cha kidole, jiwe lake la kijani likiwa limeingia na ukahawia upande mmoja. Sonara hakuwa na kosa. Angeambiwa, angelitoa jiwe kwanza, akaliweka pembeni kwenye karatasi, akachomelea, akalirudisha.